Uzembe wa kitabibu: kuchelewa kutambua ugonjwa

Katika sheria ya madhara inayofuata mapokeo ya Kiingereza, mdai wa uzembe wa tabibu huthibitisha kwamba kiwango cha uangalizi kilikiukwa na kwamba ukiukaji huo ndio uliomdhuru. Jambo la pili ndilo huangusha kesi nyingi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke aliyekosa hedhi anafika zahanati ya kijijini na maumivu ya tumbo la chini. Afisa tabibu anampa dawa za maambukizi ya mkojo na kumrudisha nyumbani. Siku mbili baadaye mimba iliyotunga nje ya kizazi inapasua mrija.

Afisa huyo hapimwi kwa kigezo cha daktari bingwa, bali cha afisa tabibu mwenye ujuzi wa kawaida. Kukosa mashine ya ultrasaundi si kosa lake. Kutopima mimba kwa mkojo, kipimo kilichokuwa kabatini, na kutompa rufaa ni kosa.

Je, angetambua mapema, mrija ungepona? Katika kesi ya Hotson ya mwaka 1987, Mahakama ya Malodi ya Uingereza ilikataa kumfidia kijana asilimia 25 kwa nafasi ya kupona nyonga aliyoipoteza: uwezekano wa asilimia 75 ulionyesha kuwa jeraha lenyewe lingemlemaza hata kama lingetambuliwa mapema. Vivyo hivyo, ikiwa upasuaji wa mapema nao ungeuondoa mrija, mwanamke hulipwa kwa kuvuja damu na madhara ya ziada tu.