Dawa za matende na mabusha: kwa nini mtoto hupimwa kimo, na nani hapewi

Wagawaji dawa wanapofika kwenye kijiji au zoni yenu kwa ajili ya matende na mabusha, huja na fimbo ndefu yenye rangi na namba. Kila mtu husimama kando ya fimbo hiyo kabla ya kupewa vidonge. Wazazi wengi huuliza kwa nini mtoto mmoja anapewa kidonge kimoja na kaka yake vitatu, na kwa nini mdogo wao anarudishwa nyumbani bila kitu. Makala hii inajibu maswali hayo.

Dawa zenyewe

Katika nchi kama Uganda na Tanzania, kila anayestahili hupewa dawa aina mbili kwa pamoja, mara moja kwa mwaka. Ya kwanza ni albendazoli. Hii ni kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa kila mtu anayestahili, awe mfupi au mrefu. Ya pili ni ivermektini, vidonge vidogo vya miligramu 3. Hivi ndivyo vinavyohesabiwa kwa fimbo.

Ivermektini hutolewa kulingana na uzito wa mwili. Kubeba mizani nyumba kwa nyumba na kumpima kila mtu ni kazi kubwa, kwa hiyo kimo hutumika badala ya uzito. Hesabu ni hii:

- Sentimita 90 hadi 119: kidonge 1
- Sentimita 120 hadi 140: vidonge 2
- Sentimita 141 hadi 158: vidonge 3
- Sentimita 159 na kuendelea: vidonge 4

Nani hapewi kwa sababu ya umri

Mtoto aliye chini ya miaka 5 hapewi dawa hizi katika kampeni ya matende. Mtoto aliye chini ya sentimita 90 pia hapewi, hata kama ametimiza miaka 5. Sababu ni kwamba usalama wa ivermektini haujathibitishwa vya kutosha kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15, na sentimita 90 ndicho kimo kinachokaribiana na uzito huo.

Kuachwa huku hakumaanishi kwamba mtoto mdogo hawezi kuambukizwa. Mbu humuuma kama anavyomuuma mtu mzima, na minyoo inaweza kuingia mwilini utotoni, huku uvimbe ukionekana miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mlaze kwenye chandarua, na mpeleke kwenye fimbo tena mwaka unaofuata.

Usichanganye kampeni hii na siku za afya ya mtoto, ambapo watoto kuanzia mwaka 1 hupewa albendazoli peke yake kwa ajili ya minyoo ya tumbo. Hiyo ni dawa moja isiyo na ivermektini, ndiyo maana umri wake ni tofauti. Vilevile, kama umewahi kuishi pwani ya Kenya, huenda uliona watoto wa miaka 2 wakipewa dawa za matende. Huko ivermektini haikuwa dawa ya kawaida ya kampeni: albendazoli ilitolewa pamoja na dietilikabamazini, ambayo ina masharti yake ya umri. Fuata masharti ya mahali unapoishi sasa.

Mbali na umri, wajawazito hawapewi, wala mama aliyejifungua ndani ya wiki 1 iliyopita, wala mgonjwa mahututi. Mama anayenyonyesha mtoto aliyevuka wiki hiyo anapewa.

Kama hujui tarehe ya kuzaliwa

Wengi wetu tulivuka mpaka bila cheti cha mtoto, na kwenye karatasi za usajili mtoto akaandikiwa Januari 1 kwa kukadiria. Mtoto wa aina hiyo anaweza kuonekana ana miaka 5 kwenye karatasi kumbe ana miaka 4. Mweleze mgawaji dawa ukweli unaoujua: alizaliwa kabla au baada ya tukio gani, msimu gani, ana meno gani. Usimwongezee umri ili apewe, na usimpunguzie ili aachwe.

Mfano wa familia moja

Tuchukue nyumba ya watu saba. Baba ana sentimita 171: ivermektini 4. Mama ana sentimita 156 na ananyonyesha mtoto wa miezi 5: anapewa 3. Binti wa miaka 13 ana sentimita 147: vidonge 3.

Mvulana wa miaka 8 anasimama na viatu, na fimbo inasoma 121. Kwa kipimo hicho angepewa 2. Mgawaji anamwambia avue viatu, anapima tena na kupata 118. Dozi yake sahihi ni kidonge 1. Viatu tu vingemzidishia dawa mara mbili.

Msichana wa miaka 6 aliugua utapiamlo na ana sentimita 88. Hapewi, ingawa umri umetimia. Mdogo wake wa miaka 4 ana sentimita 93. Naye hapewi, ingawa kimo kimefika, kwa sababu hajatimiza miaka 5. Mtoto wa miezi 5 hapewi.

Jumla ya nyumba hiyo ni ivermektini 11 na albendazoli 4. Ukihesabu hivi na wako, utajua kama kuna kosa.

Angalia mambo haya wakati wa kupima

Fimbo isimame wima kwenye ardhi tambarare, si kwenye mteremko wala juu ya jiwe. Mtoto avue viatu na kofia, na kilemba au nywele zilizofungwa juu visihesabiwe. Visigino viguse chini: watoto hupenda kujinyanyua kwa vidole ili waonekane wakubwa. Kama kipimo kimeangukia karibu na mstari wa kubadilisha dozi, omba kirudiwe.

Vidonge humezwa papo hapo mbele ya mgawaji. Usichukue vya kwenda kumpa aliyebaki nyumbani, kwa sababu hajapimwa. Mtoto anayelia asilazimishwe, asibanwe pua wala kulazwa chali, kwani kidonge kinaweza kumpalia na kumziba pumzi. Albendazoli inaweza kutafunwa au kusagwa. Msubiri atulie, au mrudishe baadaye.

Baada ya kumeza

Homa, kichwa kuuma, kizunguzungu, kuwashwa au maumivu ya mwili yanaweza kutokea, mara nyingi kwa mtu aliyekuwa na minyoo mingi, kwa sababu minyoo michanga inakufa. Kwa kawaida hali hii hupita ndani ya siku chache. Lakini mtu akishindwa kupumua vizuri, akivimba uso, akichanganyikiwa, akizimia au akitapika mfululizo, mpeleke kituo cha afya mara moja na utaje dawa aliyomeza.

Neno moja kwa waliotoka misitu ya mvua ya Kongo: kama wewe au mtoto wako amewahi kuona mnyoo ukipita kwenye jicho, mwambie mgawaji kabla ya kumeza. Huo ni ugonjwa mwingine, loa loa, na mwenye minyoo hiyo kwa wingi anaweza kupata madhara makubwa kutokana na ivermektini. Atapaswa kuonwa kwanza na mhudumu wa kituo cha afya.