Ana Mdomo: Safari ya Neno kutoka Daftari la Meneja hadi Kauli ya Tathmini katika Vituo vya Majani Chai vya Bomet

Mwezi wa Mei, mvua ikishika na majani yakifurika, anayesimamia vituo vya kununulia majani chai hana nafasi ya kukaa mezani. Anazunguka kwa pikipiki au kwa gari la kiwanda, na lolote analoliona analichora katika daftari la mfukoni au analituma kwa simu. Tuchukue ukurasa mmoja wa daftari la namna hiyo. Nimeutunga mwenyewe, na haumhusu mtu wala kiwanda chochote, ila aliyefanya kazi na viwanda vya wakulima wadogo vya Kapkoros, Tirgaga au Mogogosiek atautambua mwandiko wake. Unasema: “Karani wa kituo. Mvivu, lori limechelewa tena. Anabembeleza wakulima. Ana mdomo. Hesabu yake safi.”

Mwishoni mwa Juni, maneno hayo yanapaswa kugeuzwa kuwa kauli za tathmini ya miezi sita. Kwa desturi ya ofisi nyingi, kugeuza ni kusafisha lugha: “mvivu” anakuwa “anahitaji kuongeza bidii”, “ana mdomo” inakuwa “aboreshe mawasiliano na wakubwa wake”, kisha sifa moja inatangulizwa ili karatasi ionekane ina mizani. Ninadai kwamba desturi hiyo inaharibu kuliko inavyotengeneza. Anayeandika upya ana kazi ya kulirudisha neno kwenye tukio lililolizaa. Neno lisilokuwa na tukio halipambwi, linafutwa.

Ili kuliona hilo, sharti tujue karani anafanya nini. Wakulima wakifika kituoni, yeye huyakagua majani. Majani mawili na chipukizi hupita. Majani magumu na banji, yaani chipukizi lililolala lisilokua, hurudishwa kwa mwenyewe. Yanayopita hupimwa kwa mizani ya kielektroniki, mkulima akapewa risiti ya kilo zake. Kisha magunia hungoja lori. Huko kiwandani majani hupimwa tena na sampuli yake kuhesabiwa, ili ijulikane mazuri ni asilimia ngapi. Kazi ya karani, basi, inaacha alama tatu ambazo hazitegemei kumbukumbu ya mtu: saa, kilo na asilimia. Meneja aliyeandika daftari hakuzitazama alama hizo, na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa alikuwa amesimama matopeni. Kosa ni kutozitazama hata siku ya kuandika tathmini.

Tuanze na lori. Jani bichi sehemu yake kubwa ni maji, na likishindiliwa katika gunia kwa saa nyingi hupata joto na kugeuka jekundu. Kuchelewa ni hasara ya kweli, kwa hiyo hasira ya meneja ina msingi. Lakini nani aliyechelewa? Tuseme kitabu cha lori kinaonyesha kwamba tarehe 14 Mei lilipangiwa kufika kituoni saa 11 jioni, likafika saa 1 na nusu usiku kwa sababu barabara ilikuwa haipitiki, na likaondoka saa 2. Karani alipakia kwa nusu saa. Tuseme tena kwamba siku nyingine nne za mwezi huo zinasimulia habari ileile. Hapo neno “mvivu” halina mahali pa kukaa. Kosa lililopo ni la ratiba ya usafiri, nalo liandikwe panapohusika. Anayeandika “aongeze kasi ya upakiaji” kwa sauti ya upole amemwekea karani kosa la mtu mwingine, na upole wenyewe ndio utakaomzuia asilikatae.

“Anabembeleza wakulima” ni tuhuma yenye uzito zaidi, kwani maana yake ni kwamba anapokea majani mabaya ili asigombane na majirani zake. Makarani wengi huishi palepale wanapofanyia kazi. Anayerudishiwa majani leo hukutana na karani kanisani Jumapili. Hapa kipimo ni hesabu ya kiwandani. Katika mfano wetu, kituo chake kilipata wastani wa asilimia 58 ya majani mazuri kuanzia Januari hadi Machi, na kiwanda kinataka 65. Mtu mwenye haraka angekata hukumu hapo. Lakini Januari hadi Machi ni kiangazi, chai hutoa banji kwa wingi, na mvua ya mawe, ambayo nyanda za Kericho na Bomet zinaijua kuliko sehemu nyingi za dunia, huweza kuchanachana majani ya kijiji kimoja na kukiacha cha pili. Kwa hiyo kinacholinganishwa ni kituo chake na vituo jirani katika miezi ileile, wala si kituo na kiwango kitupu. Ikiwa majirani walipata 59, hakuna tuhuma. Ikiwa walipata 66, ipo. Tuchukue kwamba walipata 66, na kwamba pengo liliendelea hata mvua iliporudi. Sasa kauli inaweza kuandikwa: “Kuanzia Januari hadi Mei, majani mazuri ya kituo yalikuwa chini ya vituo viwili jirani kwa takriban asilimia 8 kila mwezi. Kitabu cha majani yaliyorudishwa kina maingizo matatu tu kwa kipindi chote. Karani ameeleza kwamba wakulima hukataa kurudishiwa majani akiwa peke yake. Tumekubaliana kwamba afisa wa shambani atakuwapo kituoni mara mbili kwa juma hadi mwisho wa Agosti, kisha hesabu itapimwa tena.”

Msomaji ataona kwamba kauli hii ni kali kuliko ile ya daftari. Haina neno la kutuliza. Mizani yake inatoka kwenye kulinganisha kwa haki, maelezo ya mwenyewe, na sehemu ya mwajiri katika marekebisho. Sifa iliyobandikwa juu isingeipa mizani hiyo.

Sifa yenyewe inahitaji mkono uleule. “Hesabu yake safi” haimsaidii karani. Iandikwe kwamba katika miezi sita tofauti kati ya kilo za kituoni na za kiwandani haikuvuka kiwango kilichoruhusiwa hata siku moja, na kwamba hakuna mkulima aliyeleta risiti yenye mgogoro. Sifa isiyo na ushahidi ina madhara yake: mwaka unaofuata, uhusiano ukichacha, ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Limebaki “ana mdomo”, ambalo ndilo la hatari kuliko yote. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili ni pana. Laweza kuwa na maana ya mtu mjuvi, mtu anayejibu, hata mtu asiyeogopa kusema. Fomu za tathmini kwa kawaida ni za Kiingereza, na hapo ndipo neno linapoongezeka uzito njiani. Mwandishi wa ofisini, akitafuta neno la heshima, huandika lile la Kiingereza lenye maana ya ukaidi kwa aliye juu. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inataja lugha ya matusi au mwenendo wa kumdharau aliyewekwa juu, pamoja na kukataa kwa kujua amri halali, miongoni mwa sababu za kumfukuza mtu papo hapo. Meneja alinung’unika, tafsiri imemshtaki mtu.

Turudi kwenye tukio. Meneja akiulizwa, anakumbuka: tarehe 14 Mei, mbele ya wakulima, karani alipaza sauti akiuliza kwa nini lori huchelewa kila siku na lawama ni zake. Tazama basi kilichotokea katika ukurasa ule mmoja. Mtu alilalamikia kuchelewa kwa lori, akaandikiwa uvivu kwa sababu ya kuchelewa huko, na mdomo kwa sababu ya kulalamika. Maneno mawili yaliyoonekana kuwa makosa mawili ni tukio moja, na katika tukio hilo yeye ndiye aliyekuwa na haki. Kusafisha lugha kusingeligundua hilo kamwe.

Kuna neno jingine la aina hii ambalo ningeomba liondolewe kabisa katika tathmini za maeneo haya: “hashirikiani na wasimamizi”. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ukionyesha wanawake waliodaiwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi au wapewe nyepesi. Baada ya hayo, kauli ya kutoshirikiana isiyotaja ni jambo gani mfanyakazi aliambiwa afanye, lini, naye akajibu nini, haipaswi kukubaliwa na ofisi yoyote ya wafanyakazi. Inaweza kuwa ni kisasi kilichovaa suti.

Sheria nayo haitosheki na maneno. Katika shauri namba 823 la mwaka 2010 lililoihusu hoteli ya Ol Tukai Lodge, Mahakama ya Viwanda, kama ilivyoitwa wakati huo, ilisema kwamba mwajiri anayemwachisha mtu kwa utendaji duni lazima aonyeshe alikuwa na utaratibu wa kupima utendaji mzuri na mbaya. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu hiyo, amweleze kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Karani wetu anayezungumza Kipsigis nyumbani na Kiswahili kituoni angesomewa nini? “Mvivu”?

Nimewahi kujibiwa kwamba kauli za namna hii zinamchosha meneja na kumnyima hukumu yake, kwamba mtu aliyesimamia vituo miaka 20 anamjua mvivu kwa kumtazama. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Jicho la mzoefu huona mapema, na daftari ni chombo kizuri cha kumwambia wapi atazame. Tena karatasi rasmi huweza kudanganya kwa ustadi kuliko daftari, maana daftari angalau halifichi hasira yake. Ndiyo maana napendekeza maandishi ya awali yahifadhiwe pamoja na kauli iliyoandikwa upya, ingawa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mfanyakazi anaweza kuomba kuyaona. Meneja anayejua kwamba yatasomwa huandika tarehe na saa, na kazi ya Juni inakuwa imefanyika nusu.

Kwa ukurasa wetu, basi, hesabu ni hii. Uvivu unafutwa, na habari ya lori inapelekwa kwa afisa wa usafiri. Mdomo unafutwa. Majani mabaya yanabaki, pamoja na maelezo ya karani na tarehe ya kupima tena. Sifa ya kilo inabaki na tarakimu zake. Karani anasaini chini kwamba amesomewa, si kwamba amekubali, na anaachiwa mistari mitano ya kuandika yake kwa lugha anayotaka.