Dola tano za Ford zilipofika 1919

Januari 1914 Henry Ford alitangaza kwamba vibarua wa kiwanda chake karibu na Detroit, Marekani, watalipwa dola 5 kwa siku ya saa nane. Magazeti yalipagawa. Lakini hebu tumfuate mfanyakazi huyo miaka mitano mbele, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kupandisha bei za karibu kila kitu.

Ili kujua alipaswa kulipwa kiasi gani mwaka 1919 aweze kununua vilevile, tunahitaji fahirisi ya bei, yaani namba inayoonyesha gharama ya kapu la bidhaa za kawaida mwaka hadi mwaka. Kwa Marekani, wastani wa 1914 ni 10.0, na wa 1919 ni 17.3. Unachukua mshahara wa zamani, unazidisha kwa fahirisi mpya, unagawa kwa ya zamani:

5 × 17.3 ÷ 10.0 = 8.65

Ukikosea ukageuza mgawanyo, utapata kama dola 2.89, na hapo utashtuka mwenyewe, maana bei zimepanda halafu mshahara umeshuka?

Sasa, Ford alilipa ngapi? Januari 1919 alipandisha hadi dola 6. Bahasha ilinenepa, sawa, ila ukizirudisha hizo 6 kwenye bei za 1914 (6 × 10.0 ÷ 17.3) unabaki na dola 3.47. Mwaka uliofuata fahirisi ikafika 20.0, kwa hiyo dola 5 zile zilihitaji kuwa 10 kamili.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujazidisha: mshahara wenyewe ulikuwa nini? Karibu nusu ya zile dola 5 ilikuwa mgao wa faida, na kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuona kama mtu anaishi "vizuri" ndipo aupate. Ambaye hakufuzu, hesabu yake inaanzia chini kabisa.

Na kapu je? Vita vilipochacha, serikali ilihitaji kuamua mishahara ya mafundi wa meli, ikaanza kuuliza familia zinatumia pesa kwa nini. Kati ya 1917 na 1919 ilihoji familia kama 12,000 katika miji 92. Namba za miaka ya kabla ya hapo zimejengwa zaidi kwa bei za vyakula. Kwa familia yenye watoto wengi hilo si tatizo kubwa, maana pesa nyingi ziliishia jikoni. Lakini kwa kijana aliyekuwa akidunduliza anunue gari aina ya Modeli T, mambo yalikwenda kinyume: gari lililouzwa dola 850 mwaka 1908 lilishuka chini ya 300 katikati ya miaka ya 1920. Mshahara ni uleule, fahirisi ni ileile, ila yeye na jirani yake mwenye watoto sita wangekupa majibu mawili tofauti.