Upepo wa Garissa na Matuta ya Oman

Mwezi wa Julai, katika msimu ambao Wasomali huuita hagaa, toka nje kidogo ya mji wa Garissa ukatazame kichaka cha mathenge kilichosimama peke yake. Upande wa kusini, upepo unakotokea, ardhi imefagiliwa ikabaki ngumu. Upande wa kaskazini umelala mkia wa mchanga mwekundu, mpana shinani na mwembamba nchani, kama mkia wa kondoo wa huku. Hilo ni tuta changa. Halikui kwa sababu mvua ya Garissa, ijapokuwa haba, huotesha nyasi na migunga, na mizizi huushika mchanga usihame.

Si kwamba upepo umekosa nguvu. Mwaka 1966 John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Uingereza, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mkondo wa upepo unaopita juu ya mashariki mwa Kenya msimu wa kusi. Mkondo huo huenda kasi zaidi kilomita moja na nusu hivi kutoka ardhini, na siku nyingine huzidi kilomita 90 kwa saa. Ukishaivuka Garissa hupita Somalia, ukapinda kuelekea Arabuni na India. Ndiyo kusi iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Oman. Huko ng'ambo haikuti nyasi na migunga ya kutosha kuushika mchanga.

Jinsi upepo unavyobeba mchanga tulielezwa vizuri na Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyezunguka jangwa la Misri na Libya kwa magari ya Ford, kisha akaupima mchanga ndani ya handaki la upepo alilolijenga kwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1941. Alionyesha kwamba punje haielei hewani kama vumbi. Huruka, ikaanguka, na pale inapoangukia hurusha nyingine. Punje hupanda mgongo wa tuta kwa kurukaruka hivyo mpaka kileleni, kisha hurundikana upande uliokingwa na upepo. Mteremko ukifika nyuzi 33 hivi, mchanga huporomoka wenyewe. Tuta husogea kwa njia hiyo: hupungua nyuma, likaongezeka mbele.

Anayetaka kuliona tuta likitembea aende Olduvai, Tanzania. Huko kuna tuta la majivu meusi ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, lenye kimo cha mita 9 hivi na urefu wa mita 100. Upepo wake hutoka mashariki karibu mwaka mzima, na mchanga ni kidogo juu ya ardhi ngumu, kwa hiyo limepata umbo la hilali. Pembe zake mbili zinaelekea uendako upepo. Katikati kuna mchanga mwingi wa kusukuma, na pembeni ni kidogo, ndiyo maana pembe hutangulia. Husogea mita 17 hivi kwa mwaka, na nyuma yake vimebaki vibao vyenye miaka vinavyoonyesha lilipokuwa.

Tuta la mstari ni habari nyingine. Kwa kawaida hutokea pepo mbili zinapopokezana, moja ikilipiga tuta ubavu huu na nyingine ubavu ule. Mchanga hauna pa kukimbilia ila kwenda mbele, na tuta hurefuka badala ya kuhama. Katika Wahiba, mashariki mwa Oman, matuta ya namna hii yamelala kusini kwenda kaskazini, mengine yakiwa na kimo cha mita 100. Mchanga wake una vipande vingi vya kombe za baharini. Mingi ya migongo hiyo mikubwa ni ya kale, ya nyakati ambazo bahari ilikuwa imeshuka na upepo ulikuwa mkali kuliko leo. Kusi ya sasa huchezea matuta madogo yaliyo juu yake.

Pepo zikitoka pande tatu au zaidi, tuta hupata mikono mingi na kuwa nyota. Zimo nyingi kwenye kingo za jangwa la Rubu al-Khali, mahali ambapo pepo za misimu tofauti hupigania mchanga uleule. Kila upepo hurudisha ulichopeleka mwenzake, basi mchanga hupanda juu. Nyota ya Lala Lallia huko Moroko, ambayo matokeo ya kuipima yalitangazwa mwaka 2024, ina kimo cha mita 100 na upana wa mita 700, lakini husogea nusu mita tu kwa mwaka. Tuta la Olduvai huumaliza mwendo huo katika siku kumi na moja hivi.

Rudi kwenye mathenge yako mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma. Kaskazi ya huku ni dhaifu kuliko kusi, lakini ukichutama utaona mchanga kidogo umeanza kukaa upande wa kusini wa kichaka, na mkia wa Julai bado haujafutika.