Faida ya uwekezaji wenye kuweka na kutoa: namna ya kuikokotoa

MWEKEZAJI wa vipande vya mfuko wa pamoja huongeza fedha anapopata na kutoa anapobanwa. Hapo ndipo hesabu ya faida inapopotosha.

Chukua mfano wa aliyeweka sh 2,000,000 Januari 10, 2023, akaongeza sh 3,000,000 Oktoba 2 mwaka huo, kisha akatoa sh 1,000,000 Machi 5, 2024. Januari 9, 2025, siku 730 tangu aanze, vipande vilivyobaki vilikuwa na thamani ya sh 4,700,000.

Wengi hujumlisha tu: ziliingia milioni tano, zimepatikana milioni 5.7, faida ni asilimia 14 kwa miaka miwili, yaani asilimia 7 kwa mwaka. Benki ikimwahidi asilimia 8 kwa amana ya muda maalumu, ataona afadhali auze vipande.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba milioni zote tano zilikaa miaka miwili kamili. Ukweli ni kwamba milioni tatu zilikaa siku 465 tu, na milioni moja iliondoka siku 310 kabla ya mwisho.

Kinachotafutwa ni kiwango kimoja cha mwaka ambacho, kila fedha ikikuzwa kwa siku zake na iliyotolewa ikikatwa kwa siku zake, kitaleta thamani ya mwisho. Hakipatikani kwa mkupuo, hujaribiwa. Asilimia 10 inaleta takriban sh 4,723,000, ambazo zimezidi. Asilimia 9.5 inaleta sh 4,685,600, ambazo hazifiki. Jibu ni takriban asilimia 9.7, juu ya ile ya benki.

Kompyuta hufanya majaribio hayo yenyewe. Katika Excel, tarehe huandikwa safu ya A na fedha safu ya B, kuanzia mstari wa pili:

```
2023-01-10  -2000000
2023-10-02  -3000000
2024-03-05   1000000
2025-01-09   4700000
=XIRR(B2:B5,A2:A5)
```

Fedha zilizotoka mfukoni mwa mwekezaji huwa hasi. Zilizomrudia, pamoja na thamani ya mwisho, huwa chanya. Zote zikiwa chanya, hutokea `#NUM!`. Tarehe huanza na mwaka kwa sababu kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 10/01/2023 kuwa Oktoba mosi, na jibu linaweza kuharibika bila onyo lolote.

Tahadhari pia kwa muda mfupi: faida ya asilimia 2 katika siku 30 itaonyeshwa kama asilimia 27 kwa mwaka, jambo ambalo halijatokea.

Aidha, kiwango hiki hubeba bahati ya tarehe alizochagua mwekezaji mwenyewe, hivyo hakifai kumhukumu meneja wa mfuko. Kwa kazi hiyo hulinganishwa bei ya kipande kimoja, ya mwanzo na ya mwisho, pamoja na gawio lililolipwa.