Nani Anayeimba Pale Mwanzo?

Kibanda tulichokuwa tukienda kujaziwa flashi hapa Ziwa la Ng'ombe kilikuwa cha mabati, kompyuta moja, feni moja, na foleni ya vijana kila Ijumaa jioni. Mwenye kibanda alikuwa na tabia moja. Kabla ya kukurudishia flashi yako alifungua episodi kukuhakikishia kwamba inacheza, halafu akaburuta mshale moja kwa moja hadi dakika ya pili. "Wimbo utakusaidia nini?" Tukamfuata. Nilitazama anime miaka na miaka bila kusikiliza wimbo wa kufungulia hadi mwisho. Baadaye zilipokuja zile programu za simu zenye kitufe cha "Skip Intro", kidole changu kilikuwa tayari kimezoea.

Aliyenitoa kwenye mazoea hayo ni mamangu, na yeye hajawahi kumaliza episodi hata moja.

Nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani, na nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu. Mchana nikitazama kwenye laptopu, mama yuko uani anakuna nazi. Siku moja mikono yangu ilikuwa na mafuta ya viazi karai, sikuweza kugusa kitufe, wimbo ukapita wote. Mama akaacha mbuzi, akauliza, "Huyu anayeimba ni nani, na anamwimbia nani?"

Nikamwambia hakuna, mama, ni wimbo tu wa kufungulia.

"Hapana. Huyu kuna mtu anamwambia."

Japani hajui hata neno moja. Lakini amekulia kwenye taarabu, na mtu wa taarabu huanza na swali hilo. Ukienda harusini utaona: mwimbaji anaimba kuhusu ndege au kuhusu mti wenye miba, mara mwanamke mmoja anainuka kwenda kutuza kwenye ubeti fulani, na ukumbi mzima unajua nani amepigwa kijembe. Maneno ni yale yale waliyosikia harusi iliyopita. Kilichobadilika ni nani anayasema na nani anaambiwa. Kiswahili chenyewe kinasaidia mchezo huo, kwa sababu ukisema "ameniacha" hujasema kama ni mume, mke, rafiki au jirani. Kijapani nacho kiko hivyo hivyo, tena zaidi: mara nyingi sentensi haitaji kabisa mtendaji wake. Msikilizaji ndiye anayeijaza nafasi hiyo, na akiijaza vibaya, hadithi itamshtua.

Basi nikaanza kurudi nyuma na swali la mama. Tahadhari, nitataja miisho.

Zamani swali hilo lilikuwa rahisi kujibika. Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka ilipoanza kuonyeshwa kwenye runinga ya Japani tarehe 1 Januari 1963, episodi za kwanza zilifunguliwa kwa muziki usio na maneno. Maneno yalipoongezwa baadaye, kazi yake ilikuwa kumtangaza shujaa: jina lake, nguvu zake, anavyoruka. Mazinger Z ya mwaka wa 1972 ilifanya hivyo hivyo, mwimbaji anaita jina la roboti kwa sauti ya kupasua kifua. Anayeimba ni mpiga debe. Anaita abiria kama kondakta wa stejini Bombolulu, na hakuna siri yoyote anayoificha.

Kisha kampuni za muziki zikagundua kwamba dakika moja na nusu ya runinga kila wiki ni tangazo zuri la kuuzia rekodi, na nyimbo za kawaida za pop zikaingia. Mfano ninaoupenda ni Rurouni Kenshin ya mwaka wa 1996. Hadithi ni ya mpiga upanga anayejutia watu aliowaua. Wimbo wake wa kwanza, "Sobakasu" wa bendi ya Judy and Mary, unahusu msichana na madoadoa yake ya usoni na mapenzi yaliyokwisha. Ukijaribu kuuchambua ili ujue nani atakufa, utajichosha bure. Nausema mapema kwa sababu sisi wapenda anime tuna ugonjwa huo, wa kuona dalili kila mahali.

Hata pale dalili ipo, si lazima mtu awe ameipanga. Chukua Neon Genesis Evangelion, iliyoanza Oktoba 1995. Wimbo wake umeimbwa na Yoko Takahashi, na maneno ni ya Neko Oikawa. Ukiuliza swali la mama, jibu ni la ajabu kwa hadithi ya vita na maroboti: anayeimba ni mwanamke mzima, anamtazama mvulana, anamlinda, na anajua kwamba siku moja mvulana huyo ataondoka. Shinji, shujaa wetu, ana umri wa miaka 14 na mama yake alishafariki. Ni hadi hadithi imekwenda mbali ndipo tunaelewa kwamba nafsi ya mama yake imo ndani ya ile Eva anayoiendesha. Kila alipopanda vitani alikuwa amebebwa na mama.

Sasa utasema Oikawa alijua yote. Lakini yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliyaandika maneno hayo haraka, akiwa ameiona kazi yenyewe juu juu tu. Alipewa mvulana na vita, akachagua sauti ya mama. Kwa hiyo wimbo unafichua, lakini mwandishi wake hakuwa mpelelezi aliyeficha ushahidi. Hapo nilijifunza kutenganisha vitu viwili: wimbo unaolingana na hadithi, na wimbo uliojengwa ndani ya hadithi.

Cha pili nimekikuta wazi kabisa kwenye Puella Magi Madoka Magica, ya studio ya Shaft, iliyoongozwa na Akiyuki Shinbo na kuandikwa na Gen Urobuchi, na kuanza kuonyeshwa Januari 2011. Ni episodi 12 tu. Wimbo wa kufungulia unaitwa "Connect", maneno na muziki ni vya Sho Watanabe, na wameimba ClariS, wasichana wawili waliokuwa bado wanafunzi na waliojificha sura zao kwa umma. Hata waimbaji hatukuwaona.

Picha za ufunguzi ni tamu. Msichana wa nywele za waridi, Madoka, anakimbia, anacheka, yuko na Kyubey, yule kiumbe mweupe anayewapa wasichana uchawi kwa kubadilishana na ombi moja. Tunamwona amevaa vazi la uchawi. Kuna mvua, kuna paka mweusi. Kwa kuwa picha ni za Madoka, masikio yanaamua kwamba anayeimba ni Madoka. Maneno yanazungumzia ahadi isiyosahaulika, kulishinda giza na kusonga mbele. Ni mambo ambayo msichana yeyote wa hadithi za uchawi angeweza kuimba, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Lakini kuna mambo mawili yanayokwaruza. Kwanza, episodi zinapita na Madoka havai lile vazi. Kila akikaribia kukubali, jambo linamzuia, na mara nyingi ni Homura, msichana mpya darasani, mkali, asiyecheka. Wimbo unatuonyesha kila wiki kitu ambacho hadithi inakataa kukitoa. Pili, maneno yenyewe. Mwimbaji anataka kuuona tena mustakabali alioupoteza, na anasema atapambana na hofu yake mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Madoka amepoteza mustakabali gani? Ana mama, baba, mdogo wake, marafiki. Na huko "tena" kunatoka wapi?

Episodi ya 10 haianzi na wimbo. Inaanza na Homura mwingine kabisa: miwani, nywele za kusuka, ametoka hospitali kwa maradhi ya moyo, hata kuongea darasani anaona haya. Madoka ndiye anayemshika mkono, na Madoka huyu tayari ni msichana wa uchawi. Lile vazi la waridi si la siku zijazo, lilishavaliwa. Madoka anakufa akipigana na mchawi mkubwa anayeitwa Walpurgisnacht. Homura anamwomba Kyubey airudie siku aliyokutana naye, safari hii yeye awe mlinzi. Wakati unarudi nyuma. Anashindwa. Anarudi tena. Katika mojawapo ya mizunguko hiyo, wote wawili wamelala chini wakikaribia kugeuka wachawi, na Madoka anamwomba Homura arudi akamzuie yule Madoka mjinga wa zamani asidanganywe na Kyubey. Homura anaahidi. Ombi la mwisho la Madoka ni kwamba Homura amuue kabla hajageuka, naye anafanya hivyo.

Mwisho wa episodi, mahali pa wimbo wa kufungia, ndipo "Connect" inapoingia.

Sauti ile ile, neno lile lile la kwanza kuhusu ahadi. Sasa tunajua ni ahadi gani, na nani aliitoa. Mustakabali uliopotea una maana, "tena" ina maana, "mara nyingi" ina maana. Anayeimba ni Homura, na amekuwa akimwimbia Madoka tangu wiki ya kwanza huku sisi tukidhani Madoka anajiimbia mwenyewe. Hakuna neno lililobadilishwa. Walichofanya ni kuuhamisha wimbo kutoka mwanzo kwenda mwisho, na hivyo ndivyo tunavyojua kwamba ulijengwa ndani ya hadithi: hadithi yenyewe inasimama na kukusikilizisha upya.

Huko Osaka episodi hiyo ilirushwa usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi 2011. Mchana wake likatokea tetemeko kubwa la ardhi na tsunami, na episodi mbili za mwisho zikaahirishwa hadi usiku wa kuamkia tarehe 22 Aprili. Walioiwahi episodi ya 10 walibaki wiki sita na wimbo wanaoujua, ambao ghafla ulikuwa wa mtu mwingine.

Na yule paka? Jibu lake halimo kwenye episodi zote 12. Liko kwenye mchezo wa sauti uliouzwa pamoja na diski: katika mzunguko wa kwanza, ombi la Madoka kwa Kyubey lilikuwa kumwokoa paka huyo. Kwa hiyo hata wimbo uliojengwa vizuri una picha ambazo mtazamaji wa kawaida hawezi kuzifungua kwa kufikiri tu. Mimi siku hizi nasikiliza wimbo wa kwanza wote mara mbili: episodi ya kwanza, nikiuliza swali la mama na kuangalia ni picha gani hadithi bado haijanipa, na tena nikishamaliza. Jibu likiwa lile lile mara zote mbili, naendelea na maisha yangu.

Nilimsimulia mama habari za Homura, uani pale pale. Alisikiliza hadi mwisho, akakung'uta kifuu, akasema, "Si nilikwambia kuna mtu anaambiwa." Halafu akawasha redio yake. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiirudia rudia taarabu moja, inayohusu msafiri aliyerudi bandarini kabla safari haijaisha, na nilikuwa nikiichukulia kama kelele za jikoni. Siku hiyo nilizima laptopu, nikachukua kibao cha pili, nikakaa karibu naye. Nikamwambia sababu ya kuacha chuo.