Kuchanganya kasi za fremu

Kasi ya fremu ni idadi ya picha zinazorekodiwa kwa sekunde moja. Kasoro ya kawaida katika uhariri wa video hutokea klipu ya simu yenye fremu 30 inapowekwa kwenye mstari wa muda wa fremu 25, kasi ya televisheni nchini Tanzania na Kenya. Programu hutupa fremu moja katika kila sita, hivyo mwendo huruka mara tano kwa sekunde. Mtu akizungumza ametulia, huenda usiuone mruko huo. Kamera ikipita polepole mbele ya nguzo, unaonekana wazi.

Kwa picha zisizohitaji sauti yake, dawa bora ni kupunguza mwendo wa klipu hadi asilimia 83.33, yaani 25 kwa 30. Fremu zote hubaki, na sekunde 10 huwa 12. Penye mazungumzo njia hii haifai. Hapo programu huweza kukadiria mwendo na kuunda fremu mpya, ingawa vidole vinavyopishana huharibika umbo. Klipu ya fremu 50 haina taabu hiyo: huachwa fremu moja katika kila mbili, na mwendo hubaki sawia.